Mteja wa jumla anasema tumempunja bonasi: taarifa iandikweje upya?

SWALI

Ndugu mshauri,

Niko ofisi ya hesabu kwenye kampuni inayouza rangi za ukuta kwa jumla. Wanunuzi wakubwa tunawapa bonasi ya manunuzi kila robo mwaka. Mkataba unasema: sehemu ya manunuzi hadi 20,000,000 ni 1%, sehemu inayozidi hapo hadi 40,000,000 ni 2%, na sehemu inayozidi 40,000,000 ni 3%. Kodi, usafiri, bidhaa za ofa na bidhaa zilizorudishwa havihesabiwi.

Kwa robo ya Aprili hadi Juni nilimtumia mteja mmoja taarifa ya mistari mitatu: "Manunuzi 55,000,000. Kiwango 3%. Kredi iliyowekwa 720,000." Akapiga simu akiwa amekasirika, anasema 3% ya 55,000,000 ni 1,650,000. Alikuwa anadaiwa ankara mbili, 0417 iliyobaki 450,000 na 0438 ya 8,200,000. Akajikatia 1,650,000 mwenyewe, akalipa 7,000,000. Anasema pia hiyo 720,000 haioni popote kwenye akaunti yake.

Nimerudia hesabu, 720,000 ni sahihi. Ndani ya ile 55,000,000 kuna kodi ya 10%. Ukiacha kodi, usafiri ulikuwa 1,200,000, ofa 3,000,000, na zilizorudi 1,800,000. Kredi noti imeshatoka, bila kodi kama mhasibu wetu alivyoelekeza. Bosi anataka taarifa mpya ambayo mteja ataielewa bila kupigiwa simu. Nianzie wapi?

Karani wa hesabu

JIBU

Ndugu karani,

Hesabu yako iko sawa, taarifa ndiyo yenye kasoro. Uliweka kwenye karatasi moja namba tatu ambazo hazizaani. 55,000,000 ni jumla ya ankara pamoja na kodi. 3% ni kiwango cha daraja la juu peke yake. 720,000 ni jibu la hesabu nyingine ambayo mteja hakuonyeshwa. Mtu akiona manunuzi, chini yake kiwango, chini yake kiasi, atazidisha tu, maana karatasi yenyewe imempeleka huko. Kwa hiyo usimwone mteja wako kuwa mkorofi. Amefanya kile ambacho taarifa ilimwambia afanye.

Taarifa mpya ipime kwa kitu kimoja: mteja achukue kikokotoo, ashuke nacho mstari kwa mstari, afike kwenye namba yako bila kuuliza chochote. Mstari wowote unaomlazimisha kubuni namba inayokosekana ni mstari uliopungua kitu.

Kabla hujaandika neno, weka mkataba mezani na usome upya kifungu cha viwango. Kwenye maelezo yako kuna neno lenye uzito mkubwa, nalo ni "sehemu". Likiwemo kwenye mkataba uliosainiwa, kila kiwango kinagusa sehemu yake tu, na 720,000 inasimama. Lakini kama mkataba unasema "manunuzi yakizidi 40,000,000 bonasi ni 3%" bila kutaja sehemu, mteja anaweza kudai kwa haki kwamba 3% ni ya manunuzi yote, na hapo tofauti si ndogo, kama utakavyoona. Ikiwa ndivyo, simama kwanza. Angalia robo zilizopita mlimkokotolea vipi naye akapokea vipi, kisha umpelekee bosi alitolee uamuzi. Taarifa ya bonasi inaonyesha makubaliano yalivyo, haiwezi kuyatengeneza. Nitaendelea nikichukulia kwamba neno "sehemu" limo.

Manunuzi yanayohesabiwa

Jambo la kwanza la kubadilisha ni lile neno "Manunuzi" lililosimama peke yake. Mteja ana daftari lake la ankara, na jumla anayoiona humo ni 55,000,000. Anzia hapohapo anapopajua yeye, halafu umteremshe hadi kwenye kiasi kinachostahili bonasi, kila punguzo kwenye mstari wake na sababu yake.

Toa kodi kwanza. Hapa watu wengi hukosea kwa kuchukua 10% ya 55,000,000, wanapata 5,500,000. Kodi iliyomo ndani ya jumla haipatikani hivyo. Gawa 55,000,000 kwa 1.1, utapata 50,000,000 ambayo ndiyo bei bila kodi, na kodi ni 5,000,000 iliyobaki. Ukiweza, usikokotoe kabisa: jumlisha safu ya kodi kwenye ankara zenyewe, kwa sababu ankara moja tu ikiwa na bidhaa isiyotozwa kodi, kugawanya kutakupa jibu la uongo.

Baada ya hapo kila kitu kinachofuata lazima kiwe bila kodi. Kosa ninalolikuta mara nyingi liko kwenye bidhaa zilizorudi. Kwenye akaunti ya mteja zinaonekana 1,980,000, yaani 1,800,000 pamoja na kodi yake. Karani anatoa 1,980,000 kutoka kwenye 50,000,000 ambayo kodi yake imeshatolewa, na hapo kodi ya bidhaa zilizorudi inakuwa imetolewa mara mbili. Kwa mteja wako ingemaanisha manunuzi pungufu kwa 180,000, na kwa kuwa yuko daraja la 3%, bonasi pungufu kwa 5,400. Kiasi ni kidogo, lakini mnunuzi wa jumla akikugundua kwa 5,400 hataamini namba zako nyingine.

Ukitoa usafiri 1,200,000, ofa 3,000,000 na zilizorudi 1,800,000 kwenye 50,000,000, unabaki na 44,000,000. Huo mstari uupe jina linalojieleza: "Manunuzi yanayohesabiwa kwa bonasi". Jina hilohilo lirudiwe kila mahali kwenye taarifa. Usiite "manunuzi halisi" juu na "mauzo yanayostahili" chini, maana mteja atadhani ni vitu viwili.

Bidhaa za ofa zinahitaji uangalifu wa pekee. Kwa mteja, rangi aliyoinunua kwa bei ya ofa ni rangi kama nyingine, na anapoona 3,000,000 zimeondolewa anahisi ameibiwa. Usiandike "ofa" tu. Ambatisha orodha: namba ya ankara, tarehe, bidhaa, kiasi. Kama kwenye ankara yenyewe bidhaa hizo hazikuwekwa alama yoyote ya kuonyesha ni za ofa, hapo kuna udhaifu ambao taarifa haiwezi kuuficha, na kuanzia robo hii ankara ziandikwe "bei ya ofa, haihesabiwi kwa bonasi" palepale kwenye mstari wa bidhaa.

Orodha ya ankara zote za robo nayo iambatishwe, na uandike juu yake ni tarehe gani inayotumika. Kuna mikataba inayofuata tarehe ya ankara, mingine tarehe ya kupokea mzigo. Ankara ya tarehe 30 Juni ambayo mzigo wake ulifika tarehe 2 Julai itakuwa kwenye robo yako na isiwe kwenye robo yake, na mteja akijumlisha daftari lake hatapata 55,000,000. Sentensi moja inatosha: "Ankara zimehesabiwa kwa tarehe ya ankara, 1 Aprili hadi 30 Juni." Bila sentensi hiyo mtabishana juu ya jumla kabla hamjafika kwenye kiwango.

Kiwango

Hapa ndipo taarifa yako ya zamani ilipoharibika zaidi. Futa kabisa mstari wa "Kiwango 3%". Mahali pake weka mistari mitatu, kila daraja na kiasi kilichoingia humo:

20,000,000 za kwanza × 1% = 200,000
20,000,000 zinazofuata × 2% = 400,000
4,000,000 zilizobaki × 3% = 120,000
Jumla: 44,000,000, bonasi 720,000

Angalia kwamba jumla ya manunuzi nayo imeandikwa chini. Mteja anatakiwa aone 44,000,000 ileile ya juu ikirudi hapa, ajue hakuna kilichopotea njiani.

Mtu wa mauzo anaweza kukushauri uandike kiwango kimoja cha wastani ili karatasi ipendeze. 720,000 ukiigawa kwa 44,000,000 unapata kama 1.64%. Usikubali. Mteja akizidisha 44,000,000 kwa 1.64% atapata 721,600, si 720,000, na utakuwa umemtengenezea ugomvi mpya wa 1,600 unaotokana na kukata desimali tu. Tena wastani huo haumo kwenye mkataba, kwa hiyo hana pa kuuhakiki.

Kama unatumia lahajedwali na manunuzi yanayohesabiwa yako kwenye seli B2, fomula hii inakupa bonasi nzima na inafaa kuhakiki ile mistari mitatu:

```
=MIN(B2,20000000)*1%+MAX(0,MIN(B2,40000000)-20000000)*2%+MAX(0,B2-40000000)*3%
```

Ijaribu kwa namba za mipakani kabla ya kuiamini: 20,000,000 itoe 200,000, na 40,000,000 itoe 600,000. Mipaka ndiyo inayofichua fomula mbovu. Fomula ya IF inayochukua kiwango cha daraja la juu na kukizidisha kwa kiasi chote itatoa 800,000 kwa 40,000,000, kisha ikiongezwa 1 tu iruke hadi 1,200,000. Ukiona mruko wa namna hiyo kwenye mkataba wa "sehemu", fomula imekosewa.

Kredi iko wapi

Malalamiko yake kwamba 720,000 haionekani nayo yana msingi. Mfumo wenu, kama mifumo mingi ya hesabu, umeiweka kredi kwenye deni la zamani kwanza. Ankara 0417 ilikuwa imebaki 450,000, ikamezwa yote. 270,000 zilizobaki zikaenda 0438. Mteja anatafuta 720,000 kwenye akaunti, anakuta 450,000 mahali pamoja na 270,000 mahali pengine, wala hakuna palipoandikwa bonasi. Ndiyo maana sehemu ya tatu ya taarifa itaje namba ya kredi noti, tarehe yake, na kila ankara iliyoguswa: ilikuwa na deni gani, kredi imechukua kiasi gani, limebaki gani.

Malipo yake ya 7,000,000 yawekwe baada ya kredi, kwenye mstari wake. Usiyachanganye kamwe. Ukiandika kwamba 0438 "imepunguzwa 7,270,000" umezika tena kile alichokuwa anakitafuta.

Ukiunganisha yote, taarifa inakuwa hivi:

TAARIFA YA BONASI YA MANUNUZI
Kipindi: 1 Aprili hadi 30 Juni, kwa tarehe ya ankara
Taarifa hii inachukua nafasi ya ile iliyotumwa awali kwa kipindi hiki. Kiasi cha bonasi hakijabadilika.

A. Manunuzi yanayohesabiwa kwa bonasi
Jumla ya ankara pamoja na kodi (Orodha 1): 55,000,000
Toa kodi: 5,000,000
Jumla bila kodi: 50,000,000
Toa usafiri uliotozwa kwenye ankara: 1,200,000
Toa bidhaa za ofa (Orodha 2): 3,000,000
Toa bidhaa zilizorudishwa, bila kodi (Orodha 3): 1,800,000
Manunuzi yanayohesabiwa kwa bonasi: 44,000,000

B. Bonasi kwa madaraja ya mkataba
20,000,000 za kwanza kwa 1%: 200,000
20,000,000 zinazofuata kwa 2%: 400,000
4,000,000 zilizobaki kwa 3%: 120,000
Bonasi ya kipindi: 720,000

C. Kredi ilivyowekwa (kredi noti, namba na tarehe yake)
Ankara 0417: deni 450,000, kredi 450,000, limebaki 0
Ankara 0438: deni 8,200,000, kredi 270,000, limebaki 7,930,000
Jumla ya kredi: 720,000
Malipo yaliyopokelewa kwa ankara 0438: 7,000,000
Deni lililobaki, ankara 0438: 930,000

Sarafu itajwe mara moja juu, karibu na kipindi. Namba ya kifungu cha mkataba iandikwe kwenye kichwa cha A na cha B, ili mteja ajue afungue ukurasa gani. Ukurasa mmoja unatosha, orodha zifuate nyuma.

Ule mstari unaosema taarifa inachukua nafasi ya ile ya awali usiuache. Bila huo mteja atakuwa na karatasi mbili za robo moja, na wapo wanaozichukulia kama bonasi mbili. Kwa sababu hiyohiyo usitoe kredi noti mpya. Ya kwanza ina kiasi sahihi, nayo imeshaingia kwenye vitabu vyenu na vyake. Ukiona mtu wa mfumo anataka "kuifuta na kuitoa upya ili iende pamoja na taarifa mpya", mkatalie. Kredi noti mpya inatoka pale tu kiasi kinapobadilika, na hata hapo unatoa ya tofauti, si ya kiasi chote.

Kuhusu kodi kwenye kredi noti, fuata alivyosema mhasibu wenu, maana sheria za nchi hazifanani. Ila liandike jambo hilo kwa maneno machache chini ya C: "Kredi noti imetolewa bila kodi." Pale ambapo bonasi huchukuliwa kama punguzo la bei, kredi hubeba na kodi yake. Mteja aliyezoea hivyo atatarajia 792,000 na kukuuliza 72,000 zimekwenda wapi.

Kutoka 1,650,000 hadi 720,000

Taarifa peke yake haitammaliza huyu mteja, kwa sababu ana namba yake kichwani na ameshailipia. Anahitaji kuona namba yake yeye ikishuka hadi kwenye yako. Hili usiliweke ndani ya taarifa, liweke kwenye barua inayoifunika, kwa kuwa robo ijayo halitakuwa na kazi.

Fanya hivi. Anza na 1,650,000 yake, halafu kila kitu ambacho hakihesabiwi ukitoe kwa 3% ileile aliyoitumia. Kodi 5,000,000 inaondoa 150,000. Usafiri unaondoa 36,000. Ofa zinaondoa 90,000. Zilizorudi zinaondoa 54,000. Hapo umefika 1,320,000, ambayo ni 3% ya 44,000,000. Kisha madaraja: zile 20,000,000 za kwanza zinalipwa 1% na si 3%, zinaondoa 400,000, na 20,000,000 zinazofuata zinalipwa 2% na si 3%, zinaondoa 200,000. Unabaki na 720,000.

Hatua hizi zinakuonyesha ugomvi wenyewe ulipo. Katika tofauti ya 930,000, madaraja peke yake ni 600,000. Kodi, usafiri, ofa na zilizorudi kwa pamoja ni 330,000. Kwa hiyo ukipata nafasi ya kueleza jambo moja tu, eleza madaraja. Na ndiyo sababu nilikuomba usome kifungu kwanza: bila neno "sehemu" mngekuwa mnabishana kuhusu 1,320,000, na mteja angekuwa na hoja.

Tazama pia kwamba 930,000 imetokea mara mbili. Ni tofauti kati ya namba yake na yako, na ni deni lililobaki kwenye 0438 baada ya kredi na malipo. Zikilingana namna hii una uhakika kwamba hakuna jambo jingine lililojificha kwenye akaunti. Kama zisingelingana, ungepaswa kutafuta: pengine alikata kitu kingine, mfano mzigo ulioharibika, akakijumlisha humohumo. Hakikisha hilo kila mara mteja anapojikatia mwenyewe. Usimwandikie "unadaiwa" kabla namba hizo mbili hazijakutana.

Barua yenyewe iwe fupi. Unaweza kuiandika hivi:

"Ndugu mteja wetu, taarifa ya bonasi tuliyokutumia awali haikuonyesha jinsi kiasi kilivyopatikana, na kiwango cha 3% kilichoandikwa kilihusu sehemu ya manunuzi inayozidi 40,000,000 tu. Tunaomba radhi kwa mkanganyiko huo. Tumeambatisha taarifa mpya pamoja na orodha za ankara. Hapa chini tunaonyesha hatua kwa hatua tofauti kati ya 1,650,000 uliyokokotoa na 720,000 iliyo kwenye mkataba. Kiasi cha 930,000 kimebaki kwenye ankara 0438. Kama kuna ankara au bidhaa kwenye orodha ambayo unaona haikupaswa kuondolewa, tafadhali tutajie namba yake ndani ya siku 14 tuihakiki pamoja."

Radhi hiyo inastahili, taarifa ya kwanza ilikuwa inapotosha kweli. Lakini ilenge karatasi, isilenge hesabu. Ukiandika "tunaomba radhi kwa makosa ya bonasi" umekiri kosa ambalo halipo, na mteja ataishika sentensi hiyo. Ombi la kutaja namba ya ankara nalo lina kazi yake: linauhamisha mjadala kutoka "mmenipunja" hadi kwenye mstari mmoja unaoweza kukaguliwa.

Wakati unasubiri jibu, iwekee 930,000 alama kwenye mfumo kwamba ina mgogoro, ili mfumo usianze kutuma barua za kudai au kumzuilia mzigo. Lakini usiifute, na usiihamishie ankara nyingine.

Bidhaa zitakazorudi baadaye

Robo ijayo kuna jambo litakalokujia. Mteja atarudisha makopo aliyoyanunua Mei, baada ya bonasi kulipwa. Usiifungue upya taarifa ya robo hii. Weka mstari kwenye taarifa inayofuata, "Marekebisho ya bonasi, Aprili hadi Juni", na utumie daraja ambalo manunuzi hayo yangetokea, yaani la juu kwanza. Akirudisha za 500,000 bila kodi, anarudi kutoka 44,000,000 hadi 43,500,000, yote ndani ya 3%, kwa hiyo unaondoa 15,000. Akirudisha za 5,000,000, 4,000,000 zinatoka kwenye 3% na 1,000,000 inatoka kwenye 2%. Hiyo ni 120,000 na 20,000, jumla 140,000. Ukichukua 3% ya 5,000,000 yote utamkata 150,000, yaani 10,000 zaidi ya alizopewa. Namba ya hati ya kurudisha iandikwe kwenye mstari huohuo, na bidhaa hizo zisitolewe tena kwenye sehemu A ya robo mpya.

Mshauri